Kumkabidhi mtu wa nje wateja wa duka lako la mtandaoni: zamu, majibu yaliyoandaliwa na mipaka ya uamuzi

Maduka madogo ya mtandaoni hapa Nairobi hufanana sana. Kuna stoli katikati ya jiji, ukurasa wa Instagram au TikTok, WhatsApp ya biashara, till ya M-Pesa, na mtu wa boda anayejulikana kwa jina. Mwenye duka hujibu kila ujumbe mwenyewe hadi siku anapogundua kwamba anayeuliza saa tatu usiku anajibiwa asubuhi, na kufikia asubuhi ameshanunua kwingine. Hapo ndipo anapotafuta kampuni ndogo, au vijana wawili watatu wanaofanya kazi hiyo pamoja, wamjibie wateja.

Wengi huanza kwa kuuliza ni pesa ngapi kwa mwezi. Mimi naanza na swali jingine: mhudumu huyu ataruhusiwa kuamua nini bila kukupigia simu? Kujibu "bei ni ngapi" ni kazi rahisi. Kinachokwamisha huduma ya kukodi ni mteja anayesema amelipa na hela haionekani, au aliyepelekewa saizi isiyo yake na sherehe ni kesho. Kama mhudumu hana ruhusa ya kuamua lolote, kila ujumbe mgumu utarudi kwako, na utakuwa unalipa mtu wa kukusomea WhatsApp yako. Ukimpa ruhusa isiyo na mpaka, atagawa faida yako ili mteja anyamaze. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kupita katikati ya hayo mawili.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: duka la viatu vya kike lenye stoli Moi Avenue, mwenye duka mmoja na msichana mmoja wa stoli anayefungasha mizigo. Hesabu zote ni za mfano, lakini njia ya kuzipata ni ile ile utakayoitumia kwako.

Hatua ya kwanza: hesabu mazungumzo kwa wiki moja

Kabla ya kuzungumza na kampuni yoyote, chukua daftari au jedwali la simu na uandike mazungumzo ya siku saba mfululizo. Usihesabu jumbe, kwa sababu mteja mmoja anaweza kuandika jumbe kumi na mbili. Hesabu mazungumzo, yaani mteja mmoja na jambo moja. Kwa kila moja andika saa alipoanza, alichotaka, na kama uliweza kumalizana naye hapo hapo au ilibidi uulize stoli, mtu wa boda au uangalie till.

Chagua wiki ya kawaida. Wiki ya mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia, itakupa picha ya juu mno. Wiki ya katikati ya Januari, wazazi wanapohangaika na karo, itakupa ya chini mno.

Duka letu la viatu linapata hivi kwa siku: kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, mazungumzo 5 kwa saa. Saa sita hadi saa nane, watu wakiwa kwenye chakula cha mchana, yanafika 9 kwa saa. Alasiri yanarudi 5. Kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, watu wakiwa wameshuka matatu na kufika nyumbani, yanaruka hadi 15 kwa saa. Baada ya hapo ni machache yanayoweza kungoja asubuhi. Kwa jumla ni kama 110 kwa siku, na saa tatu tu za usiku zinabeba mazungumzo 45.

Ukiwa na hesabu hiyo mkononi, kampuni haiwezi kukuuzia zamu usizozihitaji. Pia utaona jambo jingine muhimu kwenye daftari: maswali mengi ni yale yale. Bei, saizi zilizopo, mahali stoli ilipo, gharama ya kufikisha na namna ya kulipa huchukua sehemu kubwa ya mazungumzo. Hayo ndiyo ya kuandikiwa majibu. Yanayobaki ndiyo ya kuwekewa mipaka.

Hatua ya pili: weka mipaka kabla ya kuandika jibu hata moja

Watu huanza na majibu kwa sababu ni rahisi kuandika. Anza na mipaka, kwa sababu jibu zuri lisilo na uamuzi nyuma yake ni ahadi hewa.

Gawa mambo yote uliyoandika kwenye daftari katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mambo ambayo mhudumu anayamaliza mwenyewe na wewe hupigiwi. Fungu la pili anayamaliza mwenyewe mradi gharama isizidi kiasi fulani. Fungu la tatu hayagusi: anakupandishia wewe, yaani anakuletea uamue.

Kiasi cha fungu la pili kisitoke hewani. Angalia faida yako kwa oda ya kawaida. Duka la viatu linauza jozi kwa shilingi 2,800 na kubaki na shilingi 800 hivi baada ya gharama zote. Mhudumu akiruhusiwa kutumia hadi 500 kurekebisha kosa la duka, bado oda hiyo haijaingia hasara. Kwa hiyo mpaka ni shilingi 500 kwa kosa letu, na sufuri kwa kosa la mteja. Aliyechagua saizi vibaya mwenyewe anabadilishiwa, lakini boda anailipa yeye. Sheria iwe nyepesi hivyo, ili mtu aliyechoka saa tatu na nusu usiku aikumbuke bila kufungua faili.

Fungu la tatu liwe fupi na lisibishaniwe. Kwa duka la viatu lina mambo matano: kurudisha pesa taslimu, malipo ambayo mteja anasema ametuma na hayaonekani, mteja anayelalamikia tabia ya mtu wa boda, yeyote anayetaja polisi, wakili au kuanika duka mtandaoni, na mtu anayeomba namba au anwani ya mteja mwingine, hata akisema ni mumewe. Hilo la mwisho wengine hulichukulia kuwa dogo. Si dogo. Anwani ya mwanamke anayeishi peke yake Roysambu haitolewi na mhudumu kwa mtu yeyote, na mhudumu alijue hilo siku ya kwanza.

Sasa inakuja sehemu ambayo karibu kila duka huisahau. Mhudumu akikupandishia jambo na wewe hujibu, inakuwaje? Uko matangani, uko Gikomba unachagua mzigo, simu imezima. Mteja anangoja, mhudumu anaandika "tunalishughulikia" mara tatu, na hapo ndipo hasira inapozaliwa. Kila sheria ya kupandisha inahitaji uamuzi wa akiba: usipojibu ndani ya nusu saa, mhudumu afanye nini. Kwa duka letu tumeandika hivi: kosa likiwa letu, na gharama haizidi 1,500, mhudumu aendelee na pendekezo lake na aandike. Ikiwa ni pesa ya kurudishwa au malipo yasiyoonekana, asifanye lolote ila kumpa mteja saa kamili atakayopata jibu, na hiyo iwe saa tatu asubuhi ya siku inayofuata. Ukishaandika hivyo, saa tatu asubuhi hiyo ni deni lako wewe, si la mhudumu.

Njia ya kupandisha nayo iwe moja. Fungua kundi la WhatsApp lenye wewe na wahudumu tu, lisilo na salamu wala picha za asubuhi njema. Kila jambo linaingia kwa muundo huu:

```
MTEJA: herufi za mwanzo + namba ya oda
TATIZO: sentensi moja
ANATAKA: nini, kufikia lini
NIMEHAKIKISHA: nini
NAPENDEKEZA: nini, gharama ngapi
JIBU KABLA YA: saa
```

Mstari wa "NAPENDEKEZA" ndio unaokuokolea muda. Mhudumu anayekuletea tatizo bila pendekezo anakufanya uanze kufikiri upya. Anayekuja na pendekezo anakuachia neno moja tu la kuandika: sawa, au hapana. Na baada ya uamuzi, aliyeanza na mteja ndiye anayemalizana naye. Usiingie wewe kwenye mazungumzo katikati, kwa sababu mteja akishajua kuwa mwenye duka anapatikana kwa kulalamika, hatamsikiliza mhudumu tena.

Jambo moja la usiku, tulifuate mwanzo hadi mwisho

Ijumaa saa moja na dakika arobaini usiku, mteja wa Kitengela anaandika. Alilipa viatu saizi 39, vimefika 38. Ana harusi kesho saa sita mchana. Ametuma picha ya soli, na namba 38 inasomeka.

Mhudumu hajibu kwa pole ndefu. Anaangalia oda, anaona duka liliandika 39, kwa hiyo kosa ni letu. Anamwandikia: "Nimeona, saizi tuliyotuma siyo uliyolipia, na kosa ni letu. Nahakikisha kama 39 ipo, nakujibu kabla ya saa mbili usiku." Kisha anamuuliza msichana wa stoli. Jozi ya 39 nyekundu ipo, moja.

Kumtuma mtu wa boda asubuhi hadi Kitengela, apeleke mpya na kurudi na ile ya 38, ni shilingi 600. Mpaka wake ni 500. Angeweza kujifanya hakuona, au kumwomba mteja aongeze mia moja. Yote mawili ni makosa. Anamwandikia mteja kwamba 39 ipo na kwamba anathibitisha usafiri, atapata jibu kabla ya saa mbili na nusu. Halafu anaweka kwenye kundi: mteja, tatizo, harusi kesho saa sita, picha imeonekana na oda imelinganishwa, pendekezo ni boda ya saa moja na nusu asubuhi kwa 600, jibu kabla ya saa mbili na dakika ishirini.

Mwenye duka hajibu. Saa mbili na dakika ishirini inafika. Kosa ni la duka na gharama haizidi 1,500, kwa hiyo uamuzi wa akiba unaanza kazi. Mhudumu anapanga boda, anamwandikia mteja jina la mtu wa boda na muda wa kufika, na anamwomba aweke ile jozi ya 38 ndani ya boksi lake ili ikabidhiwe pale pale mlangoni. Mwenye duka anaona kundi saa tatu na kitu, na hana la kuamua tena.

Ijumaa inayofuata, kwenye kikao cha wiki, jambo hili linasomwa tena. Inaonekana ni mara ya tatu mwezi huo kwa saizi kuchanganywa, na zote tatu zilifungwa siku mzigo mpya ulipofika, viatu vikiwa vimetolewa boksi na kurudishwa haraka. Dawa yake haiko kwa wahudumu. Msichana wa stoli sasa anapiga picha ya soli kabla ya kufunga kila mzigo na kuituma pamoja na namba ya oda. Mpaka wa 500 nao unapandishwa hadi 700 kwa Kitengela, Rongai, Juja na sehemu nyingine za mbali, kwa sababu 500 haikuwa inatosha kurekebisha kosa huko.

Malipo yasiyoonekana

Hili nalipatia nafasi yake kwa sababu ndilo linaloibia maduka. Mteja anatuma picha ya ujumbe wa M-Pesa, mtu wa boda amesimama mlangoni, na mhudumu anasukumwa aseme "sawa, chukua." Ujumbe huo unaweza kuwa umetungwa kwenye simu. Msimbo wa muamala una herufi na tarakimu 10, jina la duka lipo, kiasi kipo, na bado pesa haikutumwa.

Sheria ni moja: ujumbe aliotuma mteja si ushahidi, till ndiyo ushahidi. Mhudumu hasemi "imeingia" mpaka mtu mwenye kuona till aseme imeingia. Na mhudumu wa nje haoni till. Namba ya simu inayopokea ujumbe wa malipo, PIN na laini yenyewe havifiki mikononi mwake. Panga nani anathibitisha na saa ngapi: mchana msichana wa stoli, usiku wewe kila nusu saa hadi saa nne. Kama usiku huwezi, basi oda zinazolipwa usiku zithibitishwe asubuhi, na jibu lililoandaliwa liseme hivyo waziwazi kabla mteja hajatuma hela.

Kuna mteja mkweli aliyekosea namba ya till. Pesa hiyo haiko kwako na huwezi kuirudisha. Mhudumu amweleze apigie huduma kwa wateja ya Safaricom mara moja akiwa na ujumbe wake wa muamala, na asimwahidi chochote kwa niaba yao.

Hatua ya tatu: andika majibu

Sasa majibu yana kitu cha kusimamia. WhatsApp Business ina sehemu ya "Quick replies": unaandika jibu mara moja, unalipatia jina fupi, na mhudumu akiandika alama ya mkwaju na jina hilo, jibu linatokea. Inaruhusu majibu 50, lakini usiyafikishe huko. Majibu kumi na tano yanayotumika kila siku ni bora kuliko hamsini ambayo mhudumu hayakumbuki majina yake.

Kila jibu libebe mambo matatu: ukweli aliouliza mteja, hatua inayofuata, na muda. Hili ni la kulipa:

```
/lipa
Lipa kwa Buy Goods, till XX, jina litakaloonekana ni XX.
Jumla ni KSh XX pamoja na kufikisha XX.
Ukishatuma, niandikie msimbo wa M-Pesa.
Nathibitisha ndani ya dakika 30, mpaka saa nne usiku.
```

Jina la till limewekwa makusudi. Mteja analilinganisha na jina linalokuja kwenye ujumbe wake wa M-Pesa, na mhudumu akijaribu siku moja kuweka namba ya till yake mwenyewe, jina litamuumbua. Weka namba na jina hilo pia juu ya ukurasa wako wa Instagram.

Hili ni la kuchelewa:

```
/boda
Mzigo wako uko XX sasa hivi. Sababu ya kuchelewa ni XX.
Utakufikia kabla ya saa XX leo.
Ukipita muda huo niandikie hapa hapa, nitakupa jibu mwenyewe.
```

Herufi XX ni sehemu za kujaza. Nazipenda kuliko mabano kwa sababu moja ya kikazi: jioni unaandika XX kwenye sehemu ya kutafuta ya WhatsApp, na kila jibu lililotumwa bila kujazwa linajitokeza. Ukikuta moja au mawili kwa wiki, mhudumu alikuwa na haraka. Ukikuta kila siku, zamu imezidiwa.

Kuna maneno ya kupiga marufuku. "Tutakujulisha" bila saa halifai. "Kwa bahati mbaya" mwanzoni mwa sentensi humfanya mteja aache kusoma. "Pole kwa usumbufu" likitangulia kabla ya kusema kosa ni la nani husikika kama rekodi ya simu. Pole inafaa, ila ije na kitu: pole, mzigo ulibaki stoli, unaondoka sasa.

Lugha ifuate ya mteja. Anayeandika Kiswahili ajibiwe kwa Kiswahili, anayeandika Kiingereza kwa Kiingereza, na anayechanganya sheng asisahihishwe wala asiigwe kupita kiasi. Kwa hiyo kila jibu liandikwe mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mteja wa rika la mama anaitwa mama au madam kulingana na alivyojitambulisha. "Mrembo" na "my dear" viachwe kabisa, hata kama duka jirani linavitumia.

Saa nazo zina mtego wake. "Saa mbili" bila asubuhi au usiku ni ugomvi unaosubiri, hasa mteja akiwa anasoma saa kwenye ujumbe wa M-Pesa ambako 8:15 PM ndiyo saa mbili na robo usiku. Jibu lolote lenye saa lazima litaje kipindi cha siku.

Hatua ya nne: panga zamu

Rudi kwenye daftari. Kila mazungumzo, ukiondoa muda wa kusubiri mteja ajibu, humla mhudumu kama dakika 6 za kazi halisi. Saa moja ya zamu hutoa dakika 45 za kazi hiyo, kwa sababu zinazobaki ni za kuuliza stoli, kuandika jedwali na kunywa maji. Kwa hiyo zidisha mazungumzo ya saa moja kwa 6, ugawe kwa 45. Asubuhi: 5 mara 6 ni 30, yaani mtu mmoja na nafasi inabaki. Mchana: 9 mara 6 ni 54, mtu mmoja amezidiwa kidogo, wateja watangoja dakika chache na hilo linavumilika. Usiku: 15 mara 6 ni 90, yaani watu wawili kamili.

Kwa hiyo mhudumu wa kwanza anafanya saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Wa pili anaingia saa nane na nusu mchana na kutoka saa nne usiku. Nusu saa wanayopishana ni ya makabidhiano, na ni ya kulipiwa. Mtu wa tatu, mara nyingi mwanafunzi wa chuo, anaingia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa nne usiku.

Kila mtu lazima apate angalau siku moja ya mapumziko katika siku saba. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema hivyo kwa wafanyakazi, na hata ukikodi kupitia kampuni, uliza ratiba yao inaheshimu hilo vipi, maana mhudumu asiyepumzika anaanza kukasirikia wateja wiki ya tatu. Zamu ndefu za wiki nzima ni 14. Jumapili asubuhi duka la viatu halitumi mizigo, kwa hiyo zamu hiyo inafungwa na ujumbe wa kujibu wenyewe unasema tutajibu kuanzia saa nane na nusu mchana. Zinabaki 13. Wa kwanza anafanya 6, wa pili anafanya 6 na kupumzika Jumanne, ambayo daftari lilionyesha ndiyo usiku mtulivu kuliko zote. Jumanne hiyo mtu wa tatu anabeba zamu nzima peke yake, na Jumatatu ndiyo siku yake ya kupumzika.

Zamu ya usiku ifanyiwe nyumbani. Kumtoa binti ofisini mjini saa nne usiku atafute matatu ya kwenda Kayole ni hatari ambayo mazungumzo 45 hayailipii. Ila kufanyia nyumbani kuna sharti: stima ikipotea, awe na simu yenye chaji na bando, na kundi lijue ndani ya dakika kumi ili mwenzake achukue mazungumzo yake.

Makabidhiano yasiwe ya mdomo. WhatsApp Business ina lebo za rangi, na nne zinatosha: anasubiri malipo, anasubiri mzigo, imepandishwa, imeisha. Anayetoka zamu anahakikisha hakuna mazungumzo yasiyo na lebo, na anaandika mistari mitatu tu kuhusu yale ambayo mteja ameahidiwa saa fulani. Mhudumu anayeingia anaanza na hizo ahadi, si na jumbe mpya.

Hatua ya tano: funguo, karatasi na malipo

Simu kuu ibaki kwako. Wahudumu wanaingia kupitia "Linked devices", inayoruhusu vifaa vinne juu ya simu yenyewe. Usiizime simu kuu kwa muda mrefu, kwa sababu ikikaa siku 14 bila kutumika vifaa vyote hutoka. Kwa Instagram na Facebook, mpe mhudumu ruhusa ya kujibu jumbe kupitia Meta Business Suite. Nywila usimpe.

Mkataba uwe wa maandishi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inautaka pale mtu mwingine anapotumia taarifa za wateja wako kwa niaba yako, na pia inamtaka akujulishe taarifa zikivuja, ikiwezekana ndani ya saa 48, maana wewe una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Andika kwamba namba za wateja ni za duka, hazinakiliwi na haziingizwi kwenye kundi lolote. Kampuni ikupe ankara ya eTIMS, la sivyo gharama hiyo haitakubalika na KRA kwenye hesabu yako ya kodi.

Lipa kwa saa za zamu. Kulipa kwa kila mazungumzo hufanya jambo moja ligawanywe kuwa matatu, na kulipa kwa oda iliyouzwa hufanya mhudumu awatelekeze wenye malalamiko ili akawashike wenye pesa.

Wiki nne za kwanza

Wiki ya kwanza wahudumu wanaandika jibu na wewe unalituma. Inachosha, lakini ndipo utakapoona mapengo ya majibu yako. Wiki ya pili wanatuma wenyewe maswali ya bei, saizi na mahali. Wiki ya tatu wanaingia kwenye fungu la pili na mpaka wake wa pesa. Zamu ya usiku bila wewe ianze wiki ya nne.

Kila Ijumaa kaeni dakika arobaini na tano mkisoma mazungumzo kumi yaliyochaguliwa bila mpangilio, pamoja na yote yaliyopandishwa. Usitazame kasi ya kujibu peke yake, kwa sababu mhudumu anaweza kujibu kila mtu ndani ya dakika mbili kwa "habari, nakuja." Tazama wateja wanaorudi na swali lile lile ndani ya siku moja. Wakiongezeka, majibu hayajibu. Tazama pia wanaohamia kuuliza chini ya picha zako za Instagram, kwa maana hao walishindwa kwenye ujumbe.

Na tazama kundi la kupandisha. Likijaa kila siku, mipaka yako ni finyu au majibu yana pengo. Likikaa kimya wiki nzima huku unauza kama kawaida, shtuka zaidi. Duka lenye mazungumzo mia moja kwa siku halikosi malipo yasiyoonekana na mtu wa boda aliyefoka, kwa hiyo ukimya huo maana yake wahudumu wanaamua mambo ya fungu la tatu wenyewe, au wanayazika. Fungua lebo ya "imeisha" usome ishirini za mwisho. Ndani ya wiki hiyo hiyo, mwombe rafiki anunue kitu usiku, adai amelipa kabla hajalipa, na uone kama mhudumu atasubiri till.

Siku mhudumu anapoondoka, hata kwa wema, toa kifaa chake kwenye "Linked devices" na ufute ruhusa yake Business Suite kabla ya zamu inayofuata kuanza. Mtoe pia kwenye kundi la kupandisha, kwa sababu humo ndimo mna majina na oda za wateja wako wote wenye matatizo.